Namna ya kuandaa ripoti ya trimesta ya mradi wa maji Kivu Kusini

Mwongozo huu ni wa ofisi ya Bukavu inayoendesha mradi wa maji Kabare kwa pesa za mfadhili. Mfano wetu ni mradi wa miezi 18 wenye lengo la kujenga robine 24 na kuwapa maji watu 6,000. Trimesta ya kwanza ilikamilisha robine 2, na sasa inaandikwa ripoti ya trimesta ya pili, Aprili hadi Juni.

Kwanza, funga hesabu tarehe 30 Juni

Mikataba mingi huacha siku 30 baada ya trimesta, lakini soma wako, maana mingine huacha siku 15 tu. Ikiwa ni siku 30, ripoti itoke kabla ya tarehe 30 Julai. Wiki ya kwanza ya Julai ni ya kukusanya fomu za uwanjani na wiki ya pili ni ya kuhakiki na kukaa na mhasibu. Kuandika kuanze wiki ya tatu, ili wiki ya mwisho ibaki ya kusomwa na mkuu wa mradi.

Robine iliyotoa maji tarehe 3 Julai haihesabiwi katika trimesta hii. Unaweza kuitaja katika maelezo, ukiandika tarehe yake, lakini si ndani ya jedwali la viashiria. Ukiihesabu sasa, itahesabiwa tena Septemba, na mkaguzi ataikuta mara mbili.

Pili, hesabu watu wanaopata maji, usihesabu sementi

Hapa ndipo ripoti nyingi za maji huharibika. Lengo la trimesta lilikuwa robine 8 kwa watu 2,000, yaani watu 250 kwa kila robine. Mafundi wamesimamisha zote 8, na mwandishi mwenye haraka anaandika: watu 2,000, asilimia 100. Lakini kiashiria kwenye mkataba kinasema «watu wanaopata maji safi», na kati ya robine hizo 8, tatu bado ni kavu.

Zile 5 zinazotoa maji nazo zipimwe. Kile kipimo cha watu 250 kimetoka katika viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, na kina sharti lake: robine itoe lita 7.5 kwa dakika. Huhitaji mashine. Chukua bido la lita 20 na saa ya simu, kisha fungua robine zote za mstari kwa pamoja, kwa sababu ukifungua moja peke yake itaonekana ina nguvu isiyokuwa nayo saa kumi na mbili asubuhi, wakati akina mama wamejipanga. Bido likijaa kwa dakika 2 na sekunde 40, robine imefikia kiwango.

Katika mfano wetu, nne zilifikia. Ya tano, iliyo juu kabisa mlimani, ilijaza bido kwa dakika 5, yaani lita 4 kwa dakika. Hiyo haiwezi kubeba watu 250. Gawa 4 kwa 7.5, zidisha kwa 250, unapata watu 133. Kwa hiyo trimesta imefikia watu 1,000 na 133, jumla 1,133, sawa na asilimia 57 ya lengo. Ukiongeza 500 wa trimesta ya kwanza, baada ya kuhakikisha robine zao 2 bado zinatoa maji, mradi mzima umefikia watu 1,633 kati ya 6,000, asilimia 27.

Asilimia 57 inaumiza kuiandika. Hata hivyo ndiyo itakayobaki kweli siku mfadhili atakapopanda Kabare na bido lake. Andika pia kwamba kipimo ni cha Juni, mvua ikiwa imetoka kuisha. Chemchemi hupungua Agosti, basi panga kupima tena mwezi huo.

Mfadhili akitaka wanawake na wanaume mbalimbali, usigawe kwa mbili. Tumia orodha ya nyumba ambayo komiti ya maji na shefu wa kijiji wametia sahihi, na nakala yake iwe kiambatisho.

Tatu, linganisha muda, kazi na pesa

Kabla ya kuandika maelezo, weka asilimia tatu pembeni. Muda uliopita ni miezi 6 kati ya 18, asilimia 33. Watu waliofikiwa ni asilimia 27. Pesa zilizotumika, tuseme mhasibu amekupa asilimia 46. Msomaji wa upande wa mfadhili ataanzia hapo: kwa nini pesa zimekimbia kuliko kazi? Jibu liwe ndani ya ripoti kabla hajauliza. Hapa jibu ni kwamba mabomba ya mradi mzima yamelipwa mara moja. Maelezo yakisema hivyo, na ripoti ya fedha ionyeshe mstari huohuo wa bajeti.

Nne, eleza kuchelewa kwa tarehe

«Tulichelewa kwa sababu ya hali ya usalama na barabara mbaya» ni sentensi inayoweza kubandikwa kwenye mradi wowote wa Kivu, ndiyo maana haiaminiki. Ikiwa barabara kweli ilifungwa, taja ni ipi, toka lini hadi lini, na kazi gani ilisimama.

Katika mfano wetu sababu ilikuwa makaratasi. Mabomba yalitarajiwa tarehe 10 Mei. Ombi la msamaha wa ushuru liliwekwa tarehe 12 Mei, lori likiwa tayari limesimama mpakani Ruzizi. Barua ilitoka tarehe 3 Juni na mabomba yakafika kesho yake, siku 25 nyuma ya mpango. Kutokana na hilo, mita 900 za mwisho hazijalazwa, na robine tatu za mwisho wa mstari hazina maji. Sababu hiyo inagusa ofisi yenyewe, na inafaa iandikwe hivyo hivyo, kwa kuwa marekebisho yatatoka humo.

Tano, marekebisho yawe na mtu na siku

«Kuimarisha ufuatiliaji» si rekebisho. Kila rekebisho lijibu: kazi gani, nani, mpaka lini, pesa kutoka mstari gani, na tutajuaje kwamba imekwisha.

Kwa zile mita 900: vikundi viwili vya wachimbaji 10, kila kimoja mita 45 kwa siku, mfereji wa sentimita 80 kwenda chini. Hiyo ni mita 90 kwa siku, siku 10 za kazi. Msimamizi ni fundi mkuu, pesa ni za mstari uleule wa uchimbaji, na mwisho wake ni bido kujaa kwa kiwango katika robine zote tatu. Weka siku mbili au tatu za akiba, maana ukikuta mwamba, mita 45 hazitafikiwa.

Kwa robine dhaifu ya mlimani: fundi apunguze vali za robine za chini, kisha apime mstari wote upya. Kwa makaratasi: lojistisye aombe msamaha wa vifaa vitakavyofuata kabla ya oda kuondoka kwa muuzaji, na nakala ya ombi iwekwe katika faili ya manunuzi.

Rekebisho likihitaji kuhamisha pesa toka mstari mmoja kwenda mwingine kupita kiwango cha mkataba, au kusogeza tarehe ya mwisho ya mradi, ripoti haitoshi. Andika barua ya peke yake, upate jibu la maandishi kabla ya kutumia. Mfadhili kunyamaza baada ya kupokea ripoti si ruhusa, na matumizi hayo yanaweza kukataliwa kwenye ukaguzi.

Jedwali la marekebisho likikamilika, linakiliwe kwenye ripoti ya Septemba kama lilivyo, na kila mstari uandikwe mbele yake umefanyika siku gani, au haukufanyika kwa nini.