Jinsi ya kuomba likizo ya mitihani au ya kifamilia, na kumwonyesha meneja nani atashika kazi

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi wa Tanzania Bara anayeomba siku chache za kwenda kufanya mitihani au kushughulikia jambo la familia. Mtumishi wa umma anaongozwa na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma pamoja na taratibu za mwajiri wake, kwa hiyo aanzie kwa Afisa Utumishi wa ofisi yake kabla ya kuandika chochote.

Jambo la kwanza ni kujua unaomba likizo ya aina gani, kwa sababu barua nyingi hukwama hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zenye malipo, na sikukuu ikiangukia ndani ya siku hizo haimwongezei siku nyingine. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida bado hajafikia haki hiyo. Mitihani haimo katika orodha ya likizo za sheria. Ikiwa mkataba wako, kanuni za kampuni au mkataba wa hali bora za kazi hautaji likizo ya masomo, basi unachoomba ni sehemu ya likizo yako ya mwaka au ruhusa isiyo na malipo, na ni vyema useme hivyo waziwazi. Neno “ruhusa” likiachwa peke yake, linamlazimu meneja akisie kama unataka ulipwe, na barua yenye swali la fedha lisilojibiwa hubaki mezani muda mrefu.

Kwa mambo ya familia, sheria inatoa siku 4 zenye malipo katika mzunguko mmoja wa likizo, ambao kwa likizo za aina hii ni miezi 36. Siku hizo ni za ugonjwa au kifo cha mtoto wako, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba aliyepata mtoto ana siku zake 3, anazozichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Isomeni orodha hiyo kwa makini, kwa sababu ugonjwa wa mzazi haumo, na msiba wa mjomba au shangazi haumo pia, ingawa kwetu uzito wake hauna tofauti na wa mzazi. Anayemuuguza mama yake hospitalini aombe kutoka katika likizo ya mwaka. Tena siku hizo 4 ni jumla ya mzunguko mzima hata matukio yakiwa mawili au matatu. Zinazozidi huombwa kwa mwajiri, naye akiridhia huwa hazina malipo. Mwajiri anaweza kutaka uthibitisho wa kuridhisha, kwa hiyo tunza cheti cha hospitali au kibali cha mazishi tangu siku ya kwanza.

Sasa tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Msaidizi wa hesabu katika kampuni ya pembejeo yenye stoo eneo la Kizota, Dodoma, amejiandikisha kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, inayofanyika Mei na Novemba. Tuseme ratiba yake inaonyesha karatasi kuanzia Jumanne tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 6 Novemba, naye anahitaji siku kadhaa za kujisomea kabla ya hapo. Kwa kampuni yake huu ni wakati mgumu. Mvua za Dodoma huanza kuelekea Desemba, kwa hiyo mwezi wa Novemba ndio mbegu za alizeti na mtama zinaposhushwa stoo na wakulima kuanza kununua. Pia ni wiki ya kodi ya mishahara: kodi iliyokatwa kwa wafanyakazi mwezi wa Oktoba hulipwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, yaani ifikapo tarehe 7 Novemba.

Anayeandika barua bila kuitazama kalenda hiyo anajitafutia jibu la “hapana”, na meneja atakuwa na haki ya kulitoa. Ndiyo maana hatua inayofuata baada ya kujua aina ya likizo ni kuuliza kitengo cha rasilimali watu ni siku ngapi umebakiwa nazo, kisha kuorodhesha kazi zako zote zinazoangukia ndani ya siku unazotaka, kila moja na tarehe yake ya mwisho. Msaidizi wetu ametumia siku 12 mwaka huu, amebakiwa na 16. Anaomba siku 10, kuanzia Jumatano tarehe 28 Oktoba hadi Ijumaa tarehe 6 Novemba, naye anarudi kazini Jumamosi tarehe 7. Jumamosi na Jumapili zilizomo katikati zimehesabiwa, kwa kuwa siku 28 za sheria ni za mfululizo. Zitabaki 6. Hesabu hii iandikwe ndani ya barua, ili meneja asimwite mtu mwingine kuja kumhakikishia.

Orodha ya kazi ikishapatikana, igawe mara tatu: zinazoweza kumalizwa kabla hujaondoka, zinazoweza kusubiri, na zinazohitaji mtu wa kuzishika. Wengi huruka moja kwa moja hadi fungu la tatu, na matokeo yake wanawatwisha wenzao mzigo ambao haukuwa wa lazima. Katika mfano wetu, orodha ya mishahara ya Oktoba inaweza kukamilika na kuidhinishwa ifikapo tarehe 27. Ulinganishaji wa hesabu za benki za Oktoba unaweza kusubiri hadi wiki ya tarehe 9 Novemba. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani hailetwi hadi tarehe 20, kwa hiyo haiguswi kabisa. Yanabaki mambo mawili tu: malipo ya kodi ya mishahara, na kumbukumbu za mzigo unaoingia stoo.

Katika kuchagua mtu wa kushika kazi, usitazame urafiki wala nani hana shughuli. Tazama kama nafasi yake inaruhusu. Kodi ya mishahara aishughulikie mhasibu mkuu, kwa sababu tayari ana idhini ya kuingia katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Mtunza stoo apokee hati za mzigo, azihesabu na kuziweka kwa mpangilio wa tarehe, lakini ankara ziingizwe vitabuni na msaidizi mwenyewe atakaporudi. Keshia asipewe kulinganisha hesabu za benki hata kwa wiki moja, kwa kuwa anayeshika fedha hapaswi kuwa ndiye anayezikagua. Niliwahi kusoma pendekezo lililoandikwa kwa nia njema kabisa, lenye kosa hilohilo, na likizo iliahirishwa kwa sababu yake tu. Kadhalika, usimwachie mtu nywila yako. Akihitaji kuingia kwenye mfumo, aombewe idhini yake mwenyewe, ili kila kilichofanyika kijulikane kimefanywa na nani.

Zungumza na wenzako hao kabla ya kuandika majina yao. Mtu anayejikuta ametajwa kwenye barua bila kuulizwa atakanusha mbele ya meneja, na mpango wote utaanguka. Waulize kama wao wenyewe hawana likizo au safari katika siku hizo, wakikubali waombe waweke sahihi kwenye ukurasa wa mpango.

Barua yenyewe iwe fupi, ipitie kwa msimamizi wako wa karibu, na iambatishwe ratiba ya mitihani na mpango wa kazi. Inaweza kuandikwa hivi:

> Meneja Mkuu,
> K.K. Mhasibu Mkuu.
>
> YAH: OMBI LA LIKIZO YA MWAKA SIKU 10 KWA AJILI YA MITIHANI
>
> Husika na somo lililotajwa hapo juu.
>
> Naomba siku 10 kutoka katika likizo yangu ya mwaka, kuanzia tarehe 28 Oktoba hadi tarehe 6 Novemba, ili nifanye mitihani ya bodi iliyopangwa tarehe 3 hadi 6 Novemba. Nimebakiwa na siku 16, na baada ya likizo hii zitabaki 6. Nitarejea kazini tarehe 7 Novemba.
>
> Orodha ya mishahara ya Oktoba nitaikabidhi ikiwa kamili ifikapo tarehe 26, ili iidhinishwe tarehe 27. Mhasibu Mkuu amekubali kuwasilisha na kulipa kodi ya mishahara kabla ya tarehe 5 Novemba. Mtunza stoo atapokea na kutunza hati za mzigo hadi nitakaporudi. Nitapatikana kwa simu kila siku saa 11 jioni kwa jambo lisiloweza kusubiri.
>
> Naambatisha ratiba ya mitihani na mpango wa kazi uliosainiwa na wahusika.
>
> Naomba kuwasilisha.

Angalia kwamba kodi imepangwa kulipwa kabla ya tarehe 5, wakati mwisho wake ni tarehe 7. Siku hizo za akiba zimewekwa kwa makusudi, kwa sababu mfumo au benki ikisumbua tarehe 6, msaidizi atakuwa kwenye chumba cha mtihani na hatapatikana.

Wasilisha barua mara tu ratiba inapotoka, na kama inawezekana uwahi mwezi mmoja kabla. Peleka nakala mbili, na ile inayobaki kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha subiri jibu la maandishi. Ukimya wa meneja si ruhusa, hata kama alikuitikia vizuri mlipokutana kwenye ngazi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Wiki moja ikipita bila jibu, andika tena kwa ufupi ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Kwa msiba au mtoto aliyelazwa ghafla hakuna muda wa haya yote. Mpigie simu msimamizi siku hiyohiyo, mtumie ujumbe mfupi unaotaja tukio, uhusiano wako na aliyepatwa, siku unazoomba, kazi moja au mbili zilizo na tarehe ya karibu na nani anaweza kuzishika. Barua na uthibitisho vifuate ukirejea. Ujumbe huo usiufute kamwe kwenye simu yako.

Sheria inampa mwajiri mamlaka ya kupanga lini likizo ya mwaka ichukuliwe, mradi isivuke miezi sita baada ya mzunguko wake wa miezi 12 kwisha, au miezi 12 ikiwa umeridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha. Kwa hiyo ombi la siku 10 linaweza kukataliwa kihalali. Likikataliwa, uliza ni kazi gani hasa iliyozuia, kwa maana jibu la swali hilo ndilo linalokuonyesha cha kurekebisha. Msaidizi wetu akiambiwa kwamba tarehe 28 na 29 Oktoba kuna mzigo mkubwa unashushwa, anaweza kuomba siku 8 kuanzia tarehe 30, akapoteza siku mbili za kujisomea na kuziokoa siku zote nne za mitihani.

Ukishakubaliwa, fanya makabidhiano siku moja kabla ya kuondoka, mezani, mbele ya anayepokea, mkiipitia orodha jambo kwa jambo na kusaini nyote wawili. Nakala moja abaki nayo yeye, moja iende kwa msimamizi, ya tatu uondoke nayo.