Jinsi ya kuomba nafuu shule inapopandisha ada

Barua ya kupanda kwa ada ikifika, macho hukimbilia kiwango kipya. Tafuta kwanza tarehe: ada mpya inaanza lini, malipo ya kwanza ni lini, na mwisho wa kupokea maombi ya nafuu ni lini. Hiyo ya mwisho huwapita wazazi wengi, maana mara nyingi hutangulia zile mbili. Kama haikutajwa, iulize ofisi ya shule kwa maandishi siku hiyohiyo.

Kisha soma sababu. Nyongeza ikiwa ni ya usafiri au chakula, na mwanao hatumii huduma hiyo, uliza kwanza kama inaweza kuondolewa kwenye ankara yako. Huenda usihitaji kuomba nafuu kabisa.

Sasa amua unachoomba, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi hukwama. "Naomba mnifikirie" haimpi mhasibu cha kuamua. Jiulize: nimepungukiwa muda au nimepungukiwa fedha? Tuseme ada ya muhula ilikuwa 1,000 na sasa ni 1,150. Mama aliyepunguziwa zamu kazini, na anatarajia kurudishiwa baada ya miezi miwili, amepungukiwa muda. Huyu aombe awamu, aandike hivi:

"Naomba kulipa ada ya muhula huu, 1,150, kwa awamu tatu: 350 mwisho wa mwezi wa kwanza, 350 mwisho wa wa pili, na 450 mwisho wa wa tatu. Zamu zangu zimepunguzwa. Barua ya mwajiri nimeiambatisha."

Aliyepoteza kazi kabisa, awamu zitamsogezea deni tu. Yeye aombe punguzo, kwa mfano kubaki kwenye ada ya zamani kwa mihula miwili, au aulizie mfuko wa msaada wa shule kama upo.

Ambatisha ushahidi mmoja au miwili inayogusa sababu yenyewe: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, cheti cha daktari. Mfanyabiashara mdogo anaweza kupeleka nakala ya daftari la mauzo. Huna haja ya kusimulia maisha yote ya nyumbani. Ni haki yako kubaki na siri zako.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ndani ya ombi uliza pia kama mtoto ataendelea na masomo wakati jibu linasubiriwa. Usidhani ombi limesimamisha deni: lipa unachoweza na utunze stakabadhi.

Jibu linapaswa kutaja kiasi, tarehe, na nafuu inakoma lini. Ukijibiwa kwa mdomo, andika ujumbe mfupi kwa ofisi ukirudia mlichokubaliana, uombe wathibitishe. Na ukiona awamu itachelewa, wajulishe kabla ya siku yake kufika, utaje tarehe mpya utakayolipa.