SOMO: Kufupisha Sheria ya 15 (mpira wa kurusha) kwa refa mpya bila kupoteza "isipokuwa" hata moja

Habari wadau. Wengi humu mnapewa kazi ya kuwaandalia marefa wapya karatasi fupi ya sheria kabla ya ligi za mtaani kuanza, na nimeona karatasi nyingi ambazo ni fupi kweli ila zimeshabadilisha sheria. Anayeandika anaona anapunguza maneno tu, kumbe kapunguza sharti, halafu refa anaenda kutoa faulo ambayo haipo kwenye kitabu. Leo tuchukue Sheria ya 15, mpira wa kurusha. Ni fupi, kila mtu anadhani anaijua, na ndiyo maana watu wanaiharibu.

Hatua ya kwanza, chukua maandishi ya IFAB yenyewe, sio ya kwenye simu ya mtu aliyetumiwa na mtu. Angalia ni toleo la msimu gani maana matoleo mapya yanaanza kutumika tarehe 1 Julai, na msimu huo uuandike juu kabisa ya karatasi yako. Mimi hapa natumia maneno ya toleo la 2025/26. Ukiwa na toleo jipya zaidi linganisha mstari kwa mstari kabla hujakopi hiki nilichoandika.

Hatua ya pili, kabla hujafupisha chochote shika kalamu nyekundu upigie mstari maneno ya sharti: "mpira wote", "angalau", "lazima", "isipokuwa", "kama tayari", "kosa lingine lolote". Hayo hayaguswi. Unachoruhusiwa kukata ni maelezo ya kuunganisha na maneno yanayojirudia, basi. Ukikuta sentensi yako imependeza lakini moja ya hayo maneno halimo, rudi nyuma.

Hatua ya tatu ndio yenye kazi. Tenganisha mambo matatu: lini mpira unarushwa, unarushwaje, na nini kikiharibika. Hili la tatu usiliandike kama aya, liandike kosa moja mstari mmoja, na kila mstari uwe na kosa, adhabu, na nani anapewa mpira. Sababu ni kwamba Sheria ya 15 ina adhabu zinazofanana sura lakini haziko sawa, na ukizichanganya kwenye sentensi moja lazima moja ife.

Nipeni nafasi nioneshe mfano mmoja. Karatasi nyingi zimeandikwa hivi: "Mpinzani akimsogelea mrushaji, njano na indairekti." Imekaa vizuri, fupi, dogo anaikariri kwa dakika moja. Sasa kitabu kinasema mpinzani anayemvuruga au kumzuia mrushaji isivyo haki, ikiwemo kusogea ndani ya mita 2 kutoka mahali mpira unaporushwa, anaonywa kwa njano kwa tabia isiyo ya kiuanamichezo, na kama mpira umesharushwa, inatolewa indairekti. Umeona? Njano ipo muda wote ila indairekti inategemea kama mpira umetoka mikononi. Kama mpinzani kamrukia mrushaji mbele na mrushaji bado kashika mpira, unapiga filimbi, unatoa njano, halafu timu ileile inarusha. Refa aliyesoma ile karatasi fupi anaweka mpira chini anatoa faulo, benchi la pili linamvamia, na safari hii benchi liko sahihi.

Mfano wa pili ni huu: "Akirusha vibaya, wapinzani warushe." Hapa kuna hali moja imemezwa. Mpira ukigusa ardhi nje kabla haujaingia uwanjani, timu ILEILE inarudia palepale. Akikosea namna ya kurusha, yaani kanyanyua mguu, karusha kwa mkono mmoja, hajatokea nyuma ya kichwa, hapo ndio wanapewa wapinzani. Kwa hiyo mistari miwili, sio mmoja.

Hatua ya nne, andika. Hii ndiyo karatasi ninayotoa, mnaweza kuikopi:

SHERIA YA 15, TOLEO 2025/26

LINI: mpira WOTE ukivuka mstari wa pembeni, chini au hewani. Wanarusha wapinzani wa aliyegusa mwisho.

GOLI: halifungwi moja kwa moja kwa kurusha. Ukiingia goli la wapinzani = golikiki. Ukiingia goli la mrushaji mwenyewe = kona.

NAMNA: wakati wa kuachia mpira mrushaji LAZIMA aangalie uwanjani, sehemu ya KILA mguu iwe juu ya mstari au chini nje ya mstari, arushe kwa mikono miwili kutoka nyuma na juu ya kichwa, arushie pale mpira ulipotokea.

WAPINZANI: wote ANGALAU mita 2 kutoka pale kwenye mstari mpira unaporushiwa.

MPIRA UKO MCHEZONI: ukiingia uwanjani. Mrushaji asiuguse tena mpaka uguse mchezaji mwingine.

RUHUSA: mrushaji anayerusha kwa usahihi akimtupia mpinzani makusudi ili aucheze tena, na HAKUFANYA bila uangalifu, WALA kwa uzembe wa hatari, WALA kwa nguvu kupita kiasi = mchezo unaendelea.

ADHABU:
- Umegusa ardhi kabla ya kuingia = timu ileile inarudia, palepale.
- Umerushwa vibaya = timu pinzani inarusha.
- Mpira uko mchezoni, mrushaji kaugusa tena kabla ya mwingine = indairekti.
- Mrushaji huyo akifanya kosa la kushika = dairekti; ndani ya kumi na nane yake = penalti, ISIPOKUWA aliyeshika ni kipa wa timu inayolinda = indairekti.
- Mpinzani kavuruga au kuzuia isivyo haki (ikiwemo kusogea ndani ya mita 2) = njano. KAMA mpira umesharushwa = pia indairekti.
- Kosa LINGINE LOLOTE = timu pinzani inarusha.

Huo mstari wa kipa watu wanaufuta kwa sababu wanaona hautokei. Unatokea. Timu inalinda matokeo dakika za mwisho, kipa anakimbia kurusha karibu na kona yake, mpira unakwama kwenye dimbwi ndani ya kumi na nane, straika anakuja mbio, kipa anauwahi anaudaka. Bila ile "isipokuwa" refa wako anaweka penalti kwenye mechi ya moja bila. Kwa maandishi ni indairekti.

Hatua ya tano, ijaribu karatasi kwa tukio. Mimi napenda lile la Septemba 2002 Birmingham City na Aston Villa. Beki wa Villa Olof Mellberg alimrushia kipa wake Peter Enckelman, mpira ukapita chini ya mguu wa kipa ukaingia golini. Refa David Elleray aliona kipa kaugusa, akatoa goli, na mwenyewe kipa akasema hakugusa. Mpe dogo karatasi umuulize: akiwa kaugusa? Goli, maana halikuwa moja kwa moja tena. Hakuugusa? Kona. Akijibu yote mawili kwa kusoma mstari wa GOLI bila wewe kumsaidia, karatasi iko sawa. Akianza kukuuliza wewe, kuna neno umelikata.

MASWALI YA WADAU

Dogo Filimbi: Mkuu mbona hujaweka ofsaidi? Kila mtu anajua kwenye kurusha hakuna ofsaidi, ningetegemea iwe ya kwanza kabisa.

Jibu: Ipo, ila iko Sheria ya 11, sio ya 15. Kama unataka iwemo weka chini kabisa kwenye kiboksi chake, uandike "kutoka Sheria ya 11: hakuna kosa la ofsaidi akipokea MOJA KWA MOJA kutoka mpira wa kurusha". Neno moja kwa moja usiliache, maana akipokea wa kwanza akapiga pasi kwa mwenzake aliyezidi, ofsaidi inarudi kama kawaida. Kiboksi hichohicho weka na ya Sheria ya 12, kipa akidaka mpira aliorushiwa moja kwa moja na mwenzake ndani ya kumi na nane yake ni indairekti, ISIPOKUWA kama kipa ameshaupiga wazi kwa mguu, au amejaribu kuupiga, ili autoe mchezoni.

Mama Zuu: Kwetu ukikanyaga mstari tu washika vibendera wananyoosha. Halafu wewe umeandika juu ya mstari ni sawa??

Jibu: Sawa kabisa dada. Sehemu ya kila mguu juu ya mstari AU nje. Hata vidole vikiwa vimeingia uwanjani, kama kisigino kiko kwenye mstari na kimegusa chini hajakosea. Kosa ni mguu mmoja uwe hewani au mguu mzima uwe ndani. Ndiyo maana kwenye karatasi nimeandika KILA kwa herufi kubwa.

Kibendera wa Pembeni: Kwenye ile ruhusa kwa nini usiandike tu "asimpige kwa nguvu"? Maneno matatu yale yanamchanganya mtu mpya.

Jibu: Nilitamani pia, ila yale matatu ndio vipimo vya Sheria ya 12. Bila uangalifu haina kadi, uzembe wa hatari ni njano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Ukiandika "kwa nguvu" umebaki na kipimo kimoja, na refa atakayeona mtu katupiwa mpira usoni hata kama sio kwa nguvu sana ataacha mchezo uendelee kwa sababu karatasi yako imemruhusu. Acha matatu, mweleze kwa mdomo.

Mzee wa Mchangani: Mpinzani yuko mita moja, mrushaji kaharakisha mwenyewe akarusha, mpinzani kaukata. Nimeona watu wanaandika kwamba hapo mchezo unaendelea kwa sababu ni haraka yake. Niiweke?

Jibu: Usiiweke shikamoo mzee wangu. Hiyo sentensi ya mtu kuharakisha mwenyewe mchezo ukaendelea iko Sheria ya 13, ya mipira ya adhabu, na inahusu wapinzani kuwa chini ya mita 9.15. Kwenye maandishi ya Sheria ya 15 haimo. Ukiihamisha umetunga sheria. Kama refa mpya akikuuliza uwanjani afanyeje, hilo mjadili kama swali la kuamua, aangalie kama yule mpinzani kavuruga au kazuia isivyo haki, lakini kwenye karatasi kaa na mita 2 kama zilivyo.

Dogo Filimbi: Na ukirushwa ukapita hewani juu ya uwanja ukatoka tena bila kugusa mtu wala chini?

Jibu: Ulishaingia, kwa hiyo ulikuwa mchezoni. Ukitoka pembeni wanarusha wapinzani. Usichanganye na ule uliogusa ardhi nje kabla ya kuingia, ule wanarudia wenyewe.