Maji ya suuza: ya kwanza chooni, ya pili sakafuni, na bustanini usome sabuni kwanza

Nikifua kwa mkono natumia mabeseni matatu: la kufulia, la suuza ya kwanza na la suuza ya pili. Maji meusi ya kufulia namwaga. Haya mawili ya kusuuzia, kama lita 20 kila beseni, ndiyo nayahifadhi.

1. Tenga nguo. Nepi na nguo za mgonjwa zifue peke yake, na maji yake yaende chooni moja kwa moja. Yaliyobaki chuja kwa kitambaa upate kuondoa nyuzi.

2. Suuza ya kwanza: chooni. Usiyatie kwenye tangi la choo. Nyuzi na utando wa sabuni hukwama kwenye vali, tangi likaanza kuvuja. Mimina kwenye bakuli lenyewe, lita 5 au 6 kwa mkupuo mmoja. Ukimimina kidogo kidogo, maji yanazunguka tu na uchafu unabaki. Kama ulitia jiki, siku hiyo usiguse dawa ya choo yenye asidi: vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na choo chenyewe kidogo hivyo!

3. Suuza ya pili: deki. Sugua maji kati ya vidole. Yakiteleza, sakafu nayo itateleza, na vigae vikikauka vitabaki na ukungu mweupe. Hayo yapeleke chooni pia. Maji yenye dawa ya kulainisha nguo sipigii deki kabisa.

4. Tumia siku hiyohiyo. Yakilala hadi kesho yananuka.

5. Bustani. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimwagilia tuta la mchicha maji ya suuza ya sabuni ya unga kwa wiki kadhaa. Kingo za majani zikaungua kahawia, kisha udongo ukafanya gamba juu, maji yakawa yanatuama badala ya kuzama. Sabuni nyingi za unga zina magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, na chumvi nyingine za sodiamu. Mmea hauihitaji sodiamu hiyo. Inabaki ardhini, inavunja chembe za udongo wa mfinyanzi hadi matundu yanaziba. Magadi nayo hupandisha alikali, mizizi ikashindwa kuchukua chuma: jani changa linageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Kwa hiyo maji ya sabuni ya unga, ya jiki, au ya sabuni yenye boraksi hayaendi kwenye mimea. Sabuni ya mche nayo ina sodiamu, ila suuza yake ya pili huwa hafifu; naipeleka kwenye mgomba tu, shinani, nikibadilishana na maji safi. Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa potasiamu ndiyo yenye nafuu zaidi. Mboga za majani siziwekei hata hiyo.

Lile tuta nililifufua kwa kuvunja gamba kwa jembe, kuchanganya samadi, na kuliacha mvua za masika ziisukume chumvi chini.