Tambi ulizopika Jumapili, mpaka lini ni salama kwenye friji? (somo + maswali ya wadau)

Wadau habari za saa hizi. Kuna swali linajirudia sana humu hasa kwa nyie mnaopika Jumapili chakula cha wiki nzima ili mkitoka kazini na foleni za Mbezi mkute kitu tayari. Mtu anachemsha pakti ya tambi au makaroni, anajaza kontena, anaweka friji, afu Ijumaa usiku au Jumapili ijayo ndo anamalizia za chini. Jibu fupi: wiki nzima hapana. Tambi, makaroni, wali, viazi vilivyoiva, kwenye friji yenye ubaridi wa kweli hesabu siku 3, mwisho 4. Zinazobaki ziende friza siku ileile umepika, sio siku ya nne ukishaona hutamaliza.

Sasa kwa nini siku 4 wakati ukifungua kontena siku ya sita zinaonekana ziko poa tu? Hapa ndo wengi wanakosea kwa sababu wanaongozwa na pua. Kuna bakteria mmoja anaitwa Bacillus cereus, anapenda sana vyakula vya wanga, na kwenye tambi kavu au mchele anakuja akiwa kwenye hali ya mbegu zenye ganda gumu. Ukichemsha, zile mbegu hazifi. Maji yakimwagwa na chakula kikianza kupoa polepole, zinaamka, bakteria wanazaana na aina fulani yao wanaacha sumu ndani ya chakula. Sumu hiyo ndo ya kuogopa kwa sababu haivunjwi na moto wa jikoni, imepimwa mpaka nyuzi joto 121 kwa zaidi ya saa nzima na bado ipo, kwaiyo unaweza kupasha mpaka sufuria ilie, bakteria watakufa lakini sumu waliyoshaiacha unaila. Na haina harufu. Chakula kikichacha, kikiwa na utelezi au ukungu unajua kumwaga, ila hiki kinaweza kuwa kizuri tu machoni na mtu akaanza kutapika ndani ya nusu saa mpaka saa 6 baada ya kula.

Ndo maana somo zima liko kwenye masaa mawili ya mwanzo na kwenye ubaridi wa friji yako, siku ni hesabu ya mwisho tu.

HATUA YA 1: POZESHA HARAKA
Hii ndo hatua kubwa kuliko zote. Kanuni ya kawaida ni chakula kisikae nje zaidi ya saa 2, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32 ni saa 1. Jiko la Dar mwezi wa pili, dirisha moja na jiko la gesi limewaka mchana kutwa, we jihesabie saa 1 tu usijidanganye.

Tambi zikiiva chuja maji yote kwenye chujio. Zimwage kwenye sinia kubwa zitandaze, usiziache zimerundikana kwenye sufuria na mfuniko juu, maana lundo lile katikati linabaki vuguvugu masaa na masaa, na uvuguvugu ndo wanachotaka hao bakteria. Nyunyiza mafuta kidogo zisigandane, washa feni izipulize, dakika 15 mpaka 20 utaona mvuke umeisha. Kama ni sosi au mchuzi, sufuria iingize kwenye beseni la maji yenye barafu (zile barafu za mifuko zinatosha), koroga kila baada ya muda.

Kuna wanaosuuza tambi kwa maji ya bomba ili zipoe chapchap. Kama unakula muda huohuo sina neno, ila za kuhifadhi siku tatu usifanye, unazichafua upya baada ya kuzichemsha. Kama lazima usuuze tumia maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa.

HATUA YA 2: KONTENA FUPI, SIO NDOO
Gawa kwenye makontena ya kina kifupi, chakula kisizidi kina cha sentimita 5 hivi, yaani kama vidole vitatu vimelala. Lile kontena la aiskrimu la lita nne ukilijaza tambi za moto ukaliweka friji, pembeni zitapoa ila katikati zitabaki na joto mpaka usiku wa manane. Na usisubiri zipoe kabisaa kama maji ndo uweke, zikiwa vuguvugu ingiza, mfuniko uuache wazi kidogo mpaka zipate baridi afu ufunge. Friji haiharibiki kwa hilo, kinachoitesa ni sufuria zima linalofuka moshi.

Sosi weka kontena lake na tambi lake. Zikikaa pamoja tambi zinafyonza zinakuwa uji, na sosi ya nyama ikiharibika inaenda na vyote.

HATUA YA 3: PIMA FRIJI
Namba pale kwenye kitufe, 1 mpaka 7, sio nyuzi joto! Nunua kipimajoto cha friji, kiweke kwenye glasi ya maji rafu ya katikati kilale humo, asubuhi soma. Unataka nyuzi 4 au chini. Ukikuta 8 au 10, ile hesabu ya siku 4 haikuhusu, kula kesho yake au weka friza. Raba ya mlango ikilegea, friji ikijazwa mpaka hewa haizunguki, au watoto wanafungua kila dakika kutafuta maji baridi, inafika huko kirahisi sana. Tambi zikae rafu ya ndani kabisa nyuma, sio mlangoni.

Kisa kimoja kilichoandikwa na wataalamu, kilitokea Ubelgiji mwaka 2003. Saladi ya makaroni iliandaliwa Ijumaa, Jumamosi ikapelekwa pikiniki, iliyobaki ikawekwa friji mpaka Jumatatu jioni watoto watano wa familia moja wakaila. Wote waliumwa, na mdogo wao, binti wa miaka 7, alifariki. Ile friji ilipopimwa ilikuwa nyuzi 14. Angalia vizuri hizo siku, Ijumaa mpaka Jumatatu ni siku 3, ndani ya hesabu kabisa, lakini ilishinda nje kwenye matembezi na ikarudi kwenye friji ambayo ni friji kwa jina tu. Vifo ni nadra sana, wengi wanatapika siku moja wanapona, ila mi hicho kisa ndo kilinifanya ninunue kipimajoto.

HATUA YA 4: TAREHE NA FRIZA
Selotepu ya karatasi na kalamu, andika siku uliyopika. Tuseme umepika Jumapili saa kumi jioni tambi za watu wawili: za Jumatatu, Jumanne na Jumatano zinabaki friji, za Alhamisi na Ijumaa zinaingia friza Jumapili hiyohiyo. Friza haiui bakteria, inawasimamisha tu, ndo maana ukiingiza siku ya nne unakuwa umesimamisha chakula ambacho kimeshafika mwisho. Kwenye friza zinakaa mwezi mmoja miwili bila tatizo. Za kuliwa Alhamisi zihamishe chini Jumatano usiku ziyeyuke ndani ya friji, usiziache kwenye sinki.

HATUA YA 5: KUPASHA
Chota za kula tu, pasha mpaka zifuke mvuke kote, maikrowevu koroga katikati maana inaacha sehemu baridi. Ukishapasha zikabaki, usirudishe.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mi nakula za siku ya sita miaka yote na sijawahi hata kuumwa tumbo, hamtishi watu kweli?
Jibu: Inawezekana kabisa, kama unapozesha vizuri na friji yako inagonga nyuzi 3 unaweza kula mara nyingi usipate kitu. Shida ni kwamba siku itakapokuwa na kitu hutaona tofauti kwa macho wala pua. Halafu kuna bakteria wengine wanaokua taratibu hata kwenye baridi ya friji, ukiwa na mjamzito, mtoto mdogo au mzee ndani usicheze na siku ya sita.

Mama wa Mbagala: Umeme ulikatika saa nane usiku ukarudi saa tatu asubuhi, tambi zilikuwa friji na nyingine friza. Nifanyeje?
Jibu: Hayo ni masaa 7. Friji isipofunguliwa inashika ubaridi kama masaa 4, kwaiyo tambi, wali na sosi za kwenye friji mwaga, najua inauma. Friza iliyojaa ikafungwa inafika masaa 48, iliyo nusu kama 24, hizo bado nzuri kama zina barafu ndani. Kwa wanaosafiri: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, acha humo friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, usile kitu humo.

Mdau wa Kigamboni: Hotpoti je? Mi wali wa mchana naweka hotpoti mpaka usiku afu ndo friji.
Jibu: Hotpoti ni ya kuhudumia sio ya kuhifadhi. Chakula cha moto kiwe juu ya nyuzi 60, na hotpoti nyingi zetu zinashuka chini ya hapo mapema, hapo umewatengenezea kitanda. Wali wa kubaki utoe mapema upoe, na kwa wali mi nakaza zaidi, nauhesabia siku moja tu.

Mdau wa Ilala: Na wali nazi, tambi za nazi na sukari, ugali?
Jibu: Vya nazi vinachacha mapema, kesho yake vimalize. Ugali unashika joto katikati kuliko vyote, ukatekate vipande upoe, usiulaze mezani umefunikwa na sahani mpaka asubuhi uite kiporo.

Mdada wa Kimara: Zikitoka friza tambi zangu zinakuwa kama uji jamani.
Jibu: Zitoe jikoni dakika 2 kabla hazijaiva kama pakti inavyosema, na hizo za friza pekee changanya na sosi kidogo kabla ya kugandisha. Makaroni yanavumilia kuliko tambi nyembamba. Za wiki ijayo anza na makaroni uone.