Posti ya harusi uliyopamba: jinsi ya kuiandika mpaka kapo abuku tarehe bila mkanganyiko

Mimi napamba, mwenzangu ni MC, tunafanya kazi pamoja na ukurasa wetu ni mmoja. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaposti kama kila mtu, picha kumi za ukumbi umewaka taa, chini yake "karibuni tuwahudumie, piga simu", basi. Laiki zinakuja, maua na moyo kibao, alafu inboksi ni "bei?" na "tarehe 12 mko wazi?" mara hamsini, na ukijibu mtu kapotea. Niliyojifunza ndo haya, nayaandika kwa mpangilio tunaoufuata sasa hivi.

Hatua ya 1: Chukua shughuli moja tu, na upige picha kabla mlango haujafunguliwa

Usichanganye harusi tano kwenye posti moja. Bibi harusi akiona meza ya huku na jukwaa la kule anajenga kichwani harusi ambayo haijawahi kuwepo, alafu anakuja kukudai hiyo hiyo.

Picha za maana zinapatikana kwenye kale ka nusu saa kati ya kumaliza kuseti na wageni kuingia. Baada ya hapo viti vimevutwa, mikoba iko mezani, vitambaa vimekunjamana. Kwa hiyo kwenye ratiba yetu tunaandika kabisa kwamba kuseti kunaisha saa moja kabla ya wageni, nusu saa ya kurekebisha na nusu saa ya picha. Isipoandikwa haitokei, utajikuta bado uko kwenye ngazi unabana kitambaa na wageni wako mlangoni.

Picha ya kwanza kabisa piga ukumbi ukiwa mtupu, siku hiyo hiyo, ukifika tu. Simama kona moja, weka alama ya gundi ya karatasi sakafuni, alafu mkimaliza rudi palepale, simu urefu uleule, piga tena. Hizo mbili zikikaa pamoja zinamweleza kapo kazi yako ni ipi kuliko maneno yoyote. Zima flashi, inaua rangi za taa zote. Taa nyeupe za dari nazo ziombe zizimwe dakika mbili, gusa skrini sehemu yenye mwanga mkali alafu shusha mwanga kidogo kwa kidole, la sivyo meza kuu inatoka kama wingu jeupe na yale maua hayaonekani.

Alafu piga picha mbili tatu za karibu sana. Mkunjo wa pazia la nyuma ya jukwaa, fundo la kitambaa cha kiti, miguu ya stendi ya maua. Watu wanaojua wanaangalia huko, kama nyaya zinaonekana, kama vitambaa vimepigwa pasi. Sisi tulishapoteza kazi kwa sababu ya waya mweusi uliopita juu ya zulia jeupe kwenye picha, na sikuuona mpaka mteja aliponionyesha.

Hatua ya 2: Klipu ya MC isiwe kelele

Klipu nyingi za MC ni mtu anapiga kelele "mpooo?" na ukumbi unaitika. Hiyo haimwambii kapo chochote, kila MC anaitikiwa. Chagua sekunde 30 au 40 ambapo MC anafanya kazi yenyewe. Kwetu klipu iliyoleta watu wengi ni ile maharusi wamechelewa kuingia, ukumbi umeanza kununa, na mwenzangu anahamisha salamu za wazazi zije mbele bila mgeni hata mmoja kujua kwamba ratiba imevurugika. Kwenye maelezo tukaandika hivyo hivyo kilichotokea.

Sauti ndo shida kubwa. Simu ikiwa nyuma ya ukumbi inachukua mwangwi tu. Muombe dijei akurekodie sauti kwenye mikisa yake, au mvalishe MC maiki ndogo ya nguo iliyounganishwa na simu mfukoni, alafu utaiunganisha na video baadaye. Na chagua sehemu ambayo muziki haupigi chini ya maneno, maana mitandao inaweza kuzima sauti ya video yako kwa sababu ya haki za wimbo, ukabaki na MC anayepanua mdomo tu.

Hatua ya 3: Ruhusa

Hii fupi. Waulize maharusi kabla, kwa maandishi, na usubiri wao waposti kwanza. Picha yenye sura za wageni au watoto iache, mapambo yanaonekana vizuri bila wao.

Hatua ya 4: Maelezo chini ya picha

Hapa ndo wengi wanaharibu. Kuna dada aliwahi kutubuku kwa sababu ya picha moja yenye taa kubwa za vioo zinaning'inia darini. Siku ya kukaa naye kupanga anasema "na zile taa dada, zangu naomba ziwe nne". Taa zilikuwa za ukumbi! Sisi tulileta vitambaa na maua tu. Akakasirika, akaona tumemdanganya, na ukiitazama ile posti kwa kweli hakukosea, hakuna sehemu tuliyosema. Tangu siku hiyo kila posti inataja kilicho chetu na kisicho chetu. Mfano wa maelezo yetu sasa:

```
Harusi ya wageni 250, ukumbi wa ndani.
Vyetu: pazia la jukwaa, maua ya meza 25, vitambaa vya viti,
zulia, taa za rangi za ukutani, na MC.
Vya ukumbi: taa za darini, viti, meza.
Kuseti: inachukua masaa 9, watu 6.
Walibuku miezi 7 kabla.
Kuuliza tarehe tuma: tarehe, ukumbi, idadi ya wageni,
mapambo au MC au vyote.
```

Ule mstari wa "walibuku miezi 7 kabla" uone ulivyo mdogo lakini unafanya kazi kubwa, kapo anapiga hesabu mwenyewe bila wewe kumhubiria kwamba awahi. Weka ukweli lakini, ukiwa ulibukiwa wiki tatu kabla andika wiki tatu, na taja kilichoshindikana kwa sababu ya muda, mfano maua yaliyopatikana ni ya rangi moja tu.

Idadi ya meza na saa za kuseti nazo zina sababu. Mtu mwenye ukumbi unaofunguliwa saa sita mchana na wageni saa kumi akisoma masaa 9 anajua kuna jambo la kuongea, na anakuja na swali la maana.

Hatua ya 5: Tarehe zilizo wazi usiziweke kwenye posti ya kudumu

Picha ya harusi itakuwa nzuri hata mwakani. Orodha ya tarehe inaoza ndani ya siku mbili. Tulikuwa tunaandika kwenye posti "Desemba zimebaki tarehe 5 na 12", mtu anaikuta mwezi unaofuata, anakuja na hela mkononi, tarehe zilishakwenda, anaona tunaringa. Sasa tarehe tunaziweka kwenye stetasi ya WhatsApp peke yake, inajifuta yenyewe baada ya saa 24, na juu yake tunaandika siku na saa tuliyoiweka kwa sababu watu wanapiga skrinishoti na kutumiana. Posti ya kudumu inabeba yale mambo manne ya kutuma, basi.

Kwenye WhatsApp Business tengeneza jibu la haraka, ukiandika `/tarehe` linatokea, unaligusa linajaa:

```
Asante kwa kutuuliza. Tutumie tarehe, jina la ukumbi na saa
unapofunguliwa, idadi ya wageni, na huduma (mapambo / MC / vyote).
Tutakujibu leo hii kama iko wazi.
```

Hatua ya 6: Kalenda moja, safu mbili

Mapambo na MC si kitu kimoja kwenye kalenda. Mimi nikiwa na timu mbili na vitambaa vya kutosha naweza kupamba sehemu mbili Jumamosi moja. MC ana mwili mmoja. Alafu mapambo yanakula hata siku ya jirani, harusi ya Jumamosi asubuhi inasetiwa Ijumaa jioni na kubomolewa usiku, kwa hiyo Ijumaa yangu imeshaguswa wakati ya MC iko huru. Kwa hiyo kalenda yetu, ya kwenye simu, tunaiona wote wawili, ina safu ya mapambo na safu ya MC, na kila tarehe ni moja kati ya tatu: wazi, imeshikiliwa, imelipiwa.

Imeshikiliwa maana yake mtu ameomba, tumempa siku tatu alete advansi, na tumemwandikia saa inapoisha. Neno "ipo" kwenye simu halishikilii chochote. Tulijifunza kwa aibu, mimi nilimwambia mama mmoja "ipo mama, usijali", usiku huohuo mwenzangu kapokea advansi ya kapo mwingine kwa tarehe hiyohiyo. Tulimtafutia mama MC mwingine, na bado hajatusamehe.

Chukua kisa cha juzijuzi uone inavyokwenda. Dada katuma ujumbe Jumatatu: "Habari, nimeona ile ya pazia la kijani, nataka Jumamosi tarehe 12 Desemba, wageni 180, vyote". Hajataja ukumbi. Nikaangalia kalenda, mapambo wazi, MC imelipiwa. Hapa kishawishi ni kumwambia "ipo" kwanza umvute, alafu la MC mtaongea mbele ya safari. Nikamjibu: "Salama dada. Mapambo tarehe 12 yako wazi, MC wetu siku hiyo ameshalipiwa. Ukumbi gani, na wanafungua saa ngapi?" Akasema ukumbi una shughuli nyingine asubuhi, unakabidhiwa saa nane, wageni saa kumi na mbili jioni. Saa nne za kazi, na ile pazia la kijani peke yake inakula saa tatu kwa watu wanne.

Nikampa njia mbili, pazia lilelile na meza tuzirahisishe, au abaki na yote ila ukumbi utupe ruhusa ya kufunga fremu usiku wa Ijumaa. Na majina mawili ya ma-MC tunaowaamini awapigie mwenyewe. Tarehe nikaishikilia upande wa mapambo mpaka Alhamisi saa kumi na mbili jioni, nikamwandikia.

Jumatano karudi, si na advansi, na swali: "dada, MC wenu tarehe 19 yuko wazi?" Nikaangalia, yupo, na mapambo pia yapo. Ukumbi tarehe 19 hauna shughuli asubuhi. Wakahamisha harusi wiki moja mbele, akalipa Alhamisi mchana, nikabadilisha safu zote mbili kuwa imelipiwa na tarehe 12 nikairudisha wazi. Jioni hiyo ikaingia kwenye stetasi: "12 Desemba, mapambo tu."