Somo: Namna ya kuhutubia kijiji kuhusu kununua kwa jumla

Wengi huenda mkutanoni na orodha ndefu: mchele, mafuta, sabuni, mpaka saruji. Nenda na bidhaa moja tu. Mimi huchagua sukari, kwa sababu karibu kila nyumba inainunua, haiharibiki upesi, na bei yake hata mtoto anayetumwa dukani anaijua.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuomba nafasi

Nenda mjini kwa muuza jumla, uliza bei ya mfuko wa kilo 50 na gharama ya gari. Tuseme mfuko ni shilingi 140,000, na kijijini kilo moja ni 3,200. Ukigawanya harakaharaka utaona kila kilo inaokoa 400. Hapo ndipo wahamasishaji wanapoharibu, maana wanaitangaza hiyo 400, kisha watu wakipata pungufu wanasema wameliwa.

Mifuko minne ni 560,000. Gari 24,000, vifuko vya kupimia 6,000, jumla 590,000. Katika kilo 200, toa mbili za kumwagika na kuzidisha mizani. Kilo 198 kwa 3,200 zinaleta 633,600. Salio ni 43,600, yaani kama 220 kwa kilo. Hiyo ndiyo ya kutamka.

Sasa jaribu mfuko mmoja kwa gari lilelile: ni hasara ya elfu saba na ushee. Mifuko miwili inaacha chini ya 100 kwa kilo. Faida inatoka kwenye gari kujaa, na wanakijiji waambiwe hivyo waziwazi.

Hatua ya 2: Nafasi, na mwenye duka

Mwombe mwenyekiti wa kijiji akuweke kwenye ajenda. Ukisubiri "mengineyo", utawahutubia watu wanaokung'uta kanga waondoke. Halafu, kabla ya mkutano, mwone mwenye duka. Akilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hadharani atajiona anashambuliwa, na nusu ya waliokaa pale wana deni kwenye daftari lake.

Hatua ya 3: Hotuba yenyewe

Dakika tano zinatosha. Mfano:

"Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mama zangu, vijana wenzangu. Sukari tunanunua 3,200. Sisemi mwenye duka anatuibia: anasafiri, anatukopesha, na panya wanamtobolea mifuko. Nasema tukiagiza mifuko minne pamoja, gari na vifuko vikishalipwa, zitabaki kama 43,600. Tutauziana kwa bei ileile ya dukani, kisha salio tugawane kwa kilo. Aliyechukua kumi apate 2,200, aliyechukua tatu apate 660. Asiyelipa kabla gari halijaondoka, safari hii hayumo, hata akiwa mjomba wangu."

Kuuza kwa bei ya dukani na kurudisha salio kwa kadiri ya manunuzi ndiyo njia iliyotumiwa na duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844. Faida yake ni kwamba bei ya jumla ikipanda ghafla au mfuko ukipasuka, salio ndilo linalopungua. Hamrudi kwa watu kuwaomba nyongeza.

Hatua ya 4: Daftari badala ya mikono

Usiulize "mnaonaje?" Mikono itanyooka yote. Pitisha daftari lenye jina, kilo na kiasi kilicholipwa. Zisipofika kilo za mifuko mitatu siku mliyopanga, rudisha fedha za watu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wazee wetu watasema haya waliyaona kwenye maduka ya ujamaa.*

Marahaba. Usibishane nao, wana haki. Operesheni Maduka ya 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya ushirika yashike nafasi. Waambie safari hii hakuna duka linalofungwa, na asiyetaka aendelee kununua anakonunua.

*Kwetu kikundi kilivunjika kwa ugomvi wa mizani. Tufanyeje?*

Pimeni mfuko mzima haujafunguliwa, mbele ya watu, muandike uzito. Kila mara kabla ya kuanza kugawa, wekeni jiwe la kilo moja lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mpimaji na mwandishi wasitoke nyumba moja. Kilo zilizogawiwa zikipungua zaidi ya mbili kwa mifuko minne, simamisheni na mtafute zilikokwenda siku hiyohiyo.

*Na mama asiye na 3,200 mkononi, ananunua robo robo kwa mkopo?*

Huyo kikundi hakimfikii kirahisi, dada, na usimwahidi. Anaweza kuweka 800 kila wiki kwa mweka hazina, akiandikiwa mbele ya shahidi, na mwezi ukiisha ana kilo yake na gawio lake. Kwa wakati huo bado atamhitaji mwenye duka, ndiyo maana nikasema msigombane naye.